Fremu ya Pini Tatu: Kuitenga Vipande na Kuzisaka Kani za Pini

Ukiikagua fremu ya ghala iliyosimama juu ya pini mbili, moja kwenye kila msingi, na pini ya tatu kileleni ambako nusu mbili za paa zinakutana, jambo la kwanza linalokukwaza ni hesabu yenyewe ya vitu usivyovijua. Kila pini ya msingi inaweza kutoa kani ya ulalo na kani ya wima. Hizo ni kani nne. Msawazo wa mwili mzima unakupa milinganyo mitatu tu: jumla ya kani za ulalo ni sifuri, jumla ya kani za wima ni sifuri, na jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote utakayoichagua ni sifuri. Visivyojulikana vinne, milinganyo mitatu. Wanafunzi wengi wa ufundi hukwama hapa, na baadhi yao huanza kuandika mlinganyo wa momenti mara ya pili, kuzunguka nukta nyingine, wakitumaini kwamba huo ndio wa nne. Sio wa nne. Ukiizunguka fremu nzima kwenye nukta kumi tofauti utapata milinganyo kumi ambayo yote imeundwa na ile mitatu ya mwanzo, na mwisho wa kazi yako utakuta sifuri ni sawa na sifuri.

Mlinganyo wa nne umefichwa ndani ya pini ya kileleni. Pini inapitisha kani kutoka nusu moja kwenda nyingine, lakini haipitishi momenti, kwa sababu nusu hizo ziko huru kuzunguka juu yake. Lakini taarifa hiyo haionekani maadamu fremu bado imechorwa nzima, kwani ndani ya mchoro mzima kani za kileleni zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Ili uione, lazima ung'oe pini, utenge nusu mbili, na uchore kila moja peke yake pamoja na kani ambazo mwenzake alikuwa akimpa. Ukishafanya hivyo una vipande viwili, kila kimoja kina milinganyo mitatu, jumla sita. Na visivyojulikana ni vinne vya misingi na viwili vya kileleni, jumla sita pia. Hesabu inafungika bila kuhitaji kujua chuma ni kinene kiasi gani au kinanyumbuka vipi.

Hiyo ya mwisho ndiyo sababu wajenzi waliipenda fremu hii tangu karne ya 19. Kwa kuwa kani zake zinapatikana kwa msawazo peke yake, msingi mmoja ukititia kidogo, au jua likirefusha chuma, kilele kinapanda au kushuka kidogo na kani zinabaki karibu zilezile. Fremu isiyo na pini ya kileleni ingejibana na kujipinda yenyewe. Mhandisi wa Uswisi Robert Maillart alilitumia jambo hili katika daraja la Salginatobel, lililokamilika mwaka 1930, tao la zege lenye urefu wa mita 90 kati ya msingi na msingi juu ya korongo la milimani, likiwa na pini kwenye misingi miwili na nyingine kileleni. Ukilitazama daraja hilo kwa ubavu utaona limenenepa katikati ya kila nusu na kukonda kwenye pini. Si urembo. Kwenye pini momenti ni sifuri, kwa hiyo hakuna haja ya kina kikubwa. Katikati ya kila nusu ndiko momenti inakojikusanya mzigo unapopita upande mmoja. Kwa maghala ya kawaida kuna sababu nyingine ya kiutendaji zaidi: nusu mbili zinaweza kuchomelewa karakanani, kupakiwa kwenye lori, na kuunganishwa juu kwa bolti moja nene.

Tuchukue kisa kimoja tukifanye hadi mwisho. Ghala la chuma limejengwa kwenye mteremko, upana wake ni mita 12. Msingi wa kushoto, A, uko chini. Msingi wa kulia, B, uko mita 2 juu ya A, kwa sababu mwenye kiwanja hakutaka kuchimba kilima. Nguzo zote mbili zinaishia kwenye usawa mmoja, mita 4 juu ya A, hivyo nguzo ya kushoto ni ya mita 4 na ya kulia ni ya mita 2. Kutoka hapo paa linapanda hadi kilele C, katikati ya upana, mita 6 juu ya A. Fremu zimepangwa kila baada ya mita 6, na paa pamoja na mzigo wake linakadiriwa kilonyutoni 1 kwa kila mita mraba ya ramani. Basi kila fremu inabeba kN 6 kwa kila mita ya upana, yaani kN 36 kwa kila nusu na kN 72 kwa jumla.

Nimechagua mteremko makusudi. Misingi ikiwa sawasawa, mtu anaweza kubahatisha jibu kwa kuangalia ulinganifu, akapata jibu sahihi bila kuelewa njia. Mteremko unaondoa bahati hiyo.

Tunang'oa pini ya C. Kwenye mchoro wa nusu ya kushoto tunaweka mzigo wa kN 36 katikati yake, mita 3 kutoka A, kisha kani mbili za msingi, Ax na Ay, na kani mbili za kileleni, Cx na Cy. Tukubaliane kwamba kulia na juu ni chanya, na kwamba Cx na Cy ni kani ambazo nusu ya kushoto inazipokea. Sasa tunakwenda kwenye nusu ya kulia. Hapa ndipo mahali pekee penye hatari ya kweli katika kazi nzima: kile ambacho nusu ya kushoto inakipokea kutoka kwa kulia, nusu ya kulia inakipokea kutoka kwa kushoto kwa ukubwa uleule na kwa mwelekeo wa kinyume. Hivyo kwenye mchoro wa kulia, mshale wa Cx unaelekea kushoto na wa Cy unaelekea chini. Hatujui bado kani zenyewe zinaelekea wapi, na wala hatuhitaji kujua. Tunachohitaji ni kwamba mishale ya michoro miwili ipingane.

Je, tuanzie mlinganyo upi kati ya sita? Anayeandika yote sita kisha kuitatua kwa pamoja atafika, lakini atafika amechoka. Ni afadhali kuchagua nukta za momenti zinazofuta vingi kwa mkupuo mmoja. Kwenye nusu ya kushoto tuchukue momenti kuzunguka A: Ax na Ay zinapita A, hivyo zinatoweka, na zinabaki Cx na Cy peke yake. Kwenye nusu ya kulia tuchukue momenti kuzunguka B, kwa sababu ileile. Tunapata milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili vilevile.

C iko mita 6 kulia kwa A na mita 6 juu yake. Tukihesabu mzunguko wa kinyume na saa kuwa chanya:

6·Cy − 6·Cx − 36·3 = 0

Kutoka B, C iko mita 6 upande wa kushoto na mita 4 tu juu, kwa kuwa B imeinuliwa na kilima. Mzigo wa nusu hiyo uko mita 3 kushoto kwa B:

6·Cy + 4·Cx + 36·3 = 0

Mlinganyo wa kwanza unasema Cy ni sawa na Cx kuongeza 18. Ukiweka hilo kwenye wa pili unapata 10·Cx + 216 = 0, na hivyo Cx = −21.6. Kisha Cy = −3.6. Zote ni kN.

Alama ya kutoa imewatisha watu wengi bila sababu. Inasema tu kwamba kani halisi iko kinyume na mshale tuliouchora. Nusu ya kulia inaisukuma nusu ya kushoto kuelekea kushoto kwa kN 21.6, na inaikandamiza chini kwa kN 3.6. Usirudi kwenye mchoro kugeuza mishale katikati ya kazi. Hapo ndipo mtu anageuza mmoja na kusahau mwingine. Iache mishale kama ilivyo na upeleke namba pamoja na alama zake hadi mwisho.

Misingi sasa ni hesabu ya kujumlisha. Kwenye nusu ya kushoto, kani za ulalo ni Ax na Cx tu, hivyo Ax = 21.6 kuelekea kulia. Za wima ni Ay, Cy na mzigo, hivyo Ay = 36 + 3.6 = 39.6. Kwenye nusu ya kulia, Bx ni kN 21.6 kuelekea kushoto, na By = 36 − 3.6 = 32.4. Misingi yote miwili inaibana fremu kwa ndani, maana yake fremu inaitanua misingi kwa nje, kama unavyotegemea kwa kitu kilichosimama kwa kutanua miguu.

Sasa tuijaribu. Fremu nzima, ambayo hatukuitumia kabisa kupata jibu, ndiyo shahidi wetu. Kani za wima za misingi ni 39.6 na 32.4, jumla 72, sawa na mzigo wote. Momenti ya fremu nzima kuzunguka A: By inatoa 32.4 mara 12, yaani 388.8, Bx, iliyo mita 2 juu ya A na inayosukuma kushoto, inaongeza 43.2; jumla 432. Mzigo wa kN 72 ulio mita 6 kutoka A unatoa 432 kwa upande wa pili. Inafungika.

Hizo 43.2 zinastahili kutazamwa mara ya pili, kwa sababu zinaeleza kitu ambacho milinganyo imekificha. Mzigo uko sawasawa kushoto na kulia, na kilele kiko katikati kabisa. Kwa nini basi A inabeba zaidi ya B, na kwa nini kuna kani ya wima kileleni? Kwa sababu misukumo miwili ya ulalo haiko kwenye mstari mmoja. Mmoja uko mita 2 juu ya mwingine, na jozi hiyo inajaribu kuizungusha fremu kwa momenti ya 43.2. Fremu inaikataa kwa kuhamisha uzito wa wima: 43.2 ikigawanywa kwa upana wa mita 12 ni 3.6, ambayo ndiyo inayotoka B na kwenda A, ikipitia kwenye pini ya kileleni. Aliyeandika Cy = 0 "kwa ulinganifu" angekosea hapa. Ulinganifu wa mzigo hautoshi. Umbo nalo lazima lilingane.

Na yule aliyechora mishale ya C kuelekea upande mmoja katika michoro yote miwili? Kosa lake linafaa kufuatiliwa, kwa sababu halijitangazi. Mlinganyo wa kulia wake unakuwa −6·Cy − 4·Cx + 108 = 0. Anatatua vizuri kabisa na kupata Cx = 0 na Cy = 18. Namba nzuri, za mviringo, zisizo na desimali, na fremu isiyosukuma misingi kamwe. Kisha anapata Ay = 18 na By = 18. Hajakosea popote katika aljebra. Lakini misingi yake inabeba kN 36 wakati paa ni la kN 72. Nusu nzima ya jengo imeyeyuka. Ndiyo maana jumla ya wima ni jaribio la kwanza la kufanya, kabla hata ya kusafisha kazi. Kani iliyochorwa upande mmoja kwa vipande vyote viwili haifutani tena ndani ya fremu, bali inageuka kuwa mzigo au egemeo lisilokuwepo.

Kuna swali moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha aliyekariri na aliyeelewa: itakuwaje mzigo ukiwa umening'inizwa kwenye pini yenyewe? Tuseme mwenye ghala anataka kufunga winchi ya kuinulia magunia kwenye bolti ya kileleni, na inavuta kN 10 kwenda chini. Unapotenga vipande, hizo kN 10 ni za nani, za kushoto au za kulia?

Jibu la kweli ni kwamba si za yeyote kati yao. Ni za pini. Pini ni mwili wa tatu, mdogo, na inastahili mchoro wake. Nusu ya kushoto inaikamata pini kutoka upande mmoja, ya kulia kutoka upande wa pili, na winchi inaivuta chini. Kani hizo tatu ndizo zinazosawazana. Kwa hiyo kani ambayo pini inatoa kwa kushoto haiwi tena kinyume kamili cha ile inayotoa kwa kulia. Tofauti yao ni mzigo wa winchi.

Tuache uzito wa paa kando na tuiangalie winchi peke yake, kwa sababu kuna njia ya mkato. Nusu ya kushoto sasa haina mzigo wowote katikati. Inaguswa kwenye nukta mbili tu, A na C. Kitu kinachoguswa kwenye nukta mbili tu hakiwezi kusawazika isipokuwa kani zake mbili zilale kwenye mstari mmoja unaounganisha nukta hizo, hata kama chuma chenyewe kimepinda kama kiwiko. Mstari wa A hadi C unapanda mita 6 kwa mita 6, hivyo kani za ulalo na wima za kushoto ni sawa. Mstari wa B hadi C unapanda mita 4 kwa mita 6, hivyo upande wa kulia wima ni theluthi mbili ya ulalo. Misukumo ya ulalo lazima ilingane na jumla ya wima iwe 10. Jibu linaonekana karibu bila kalamu: ulalo 6, wima 6 kushoto na 4 kulia.

Sasa mwanafunzi mmoja anaamua kuupa upande wa kushoto mzigo wote wa winchi, kana kwamba umening'inizwa milimita moja kushoto ya pini. Mwingine anaupa upande wa kulia. Wa kwanza ataripoti kwamba kani ya wima kati ya nusu mbili ni 4, wa pili atasema ni 6. Watabishana, na wote wako sahihi, kwa sababu kila mmoja ameipima kani kwenye uso tofauti wa pini. Kani za misingi zitakuwa zilezile kwa wote: 6 kushoto na 4 kulia. Lakini anayechagua bolti hawezi kutosheka na jibu la mmoja wao. Bolti inakatwa pale inapopita kutoka bamba moja kwenda jingine, na kila bamba linaibana kwa kani yake. Upande wa kushoto, 6 kwa 6 zinaungana kuwa takriban kN 8.5, upande wa kulia, 6 na 4 zinaungana kuwa takriban kN 7.2. Unasanifu kwa kubwa kati ya hizo, ukijumlisha kwanza na kani za paa.

Njia hii ya nukta mbili inaharakisha pia kazi ya upepo. Upepo ukipiga nguzo ya kushoto kwa kN 3 kwa kila mita ya kimo, jumla ni kN 12 zinazosukuma kulia, mita 2 juu ya A. Nusu ya kulia haina mzigo, hivyo kani yake lazima ifuate mstari wa B hadi C. Mlinganyo wa momenti kuzunguka A kwa nusu ya kushoto ni 6·Cy − 6·Cx − 24 = 0, na kwa kuwa Cy ni theluthi mbili ya Cx yenye alama ya kinyume, Cx = −2.4 na Cy = 1.6. Msingi wa B unasukuma fremu kushoto kwa 2.4 na juu kwa 1.6, msingi wa A unaivuta kushoto kwa 9.6 na chini kwa 1.6. Hapa nimeacha upepo unaonyonya au kukandamiza paa lenyewe, ambao kwa ghala halisi hauachwi; unaingia kwenye milinganyo ileile kama mzigo mwingine.

Kabla ya kuunganisha kani hizi, tuangalie mpaka wa njia yenyewe. Rudi kwenye mzigo wa paa uone namba 10 ilikotoka kwenye 10·Cx. Ni kimo cha C juu ya A, yaani 6, kujumlisha kimo cha C juu ya B, yaani 4. Kwa ghala hili basi msukumo wa ulalo ni 216 kugawanya kwa jumla ya vimo hivyo viwili. Sasa fikiria mwenye jengo anataka paa la chini zaidi. Kilele kikishuka hadi mita 4, vimo vinakuwa 4 na 2, na msukumo unapanda hadi kN 36. Kikishuka hadi mita 2, sawa na usawa wa B, vimo ni 2 na 0, na msukumo ni kN 108, mara 5 ya ule wa mwanzo, kwa paa lilelile na mzigo uleule. Na kikifika mita 1? Vimo ni 1 na kutoa 1, jumla sifuri, na milinganyo haina jibu.

Mita 1 si namba ya bahati nasibu. Mstari wa moja kwa moja kutoka A hadi B unapita katikati ya upana kwenye kimo cha mita 1 hasa. Pini tatu zimelala kwenye mstari mmoja, na fremu ya namna hiyo haiwezi kubeba mzigo wa wima bila kushuka kwanza, hata kidogo, ili ipate pembe. Idadi ya milinganyo bado ni sita na visivyojulikana bado ni sita, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakukuonyi. Kinachokuonya ni namba: ukiona kani za pini zimekuwa kubwa kupita mzigo wenyewe mara kadhaa, usikimbilie kutafuta kosa la aljebra, pima kwanza kilele kiko juu kiasi gani kutoka kwenye mstari wa misingi. Kimo kinachohesabika ni hicho, kutoka kwenye mstari wa A hadi B, na si kutoka ardhini. Katika ghala letu ni mita 5, ingawa kilele kiko mita 6 juu ya A.

Pini zikishajulikana, momenti ndani ya chuma inapatikana kwa kutembea kutoka mwisho mmoja. Kwenye kona ambapo nguzo ya kushoto inakutana na paa, mzigo wa paa unaleta 21.6 mara 4, yaani kN·m 86.4. Ukiifikia kona ileile kutoka kileleni, ukihesabu Cx, Cy na mzigo wa paa, unapata 86.4 tena, na huo ni ushahidi mwingine kwamba michoro miwili inasemezana. Kona ya kulia ina nusu tu, 43.2, kwa sababu nguzo yake ni nusu. Anayekata vyuma vya ukubwa mmoja kwa kona zote mbili anatupa fedha upande mmoja. Kona ya kushoto ndiyo inayohitaji kuongezewa kina na kuchomelewa kwa uangalifu mkubwa, hasa upande wa nje unaovutwa.

Sasa misingi. Wajenzi wengi huiangalia misingi kwa uzito wa wima, wakachimba shimo kubwa zaidi pale palipo na namba kubwa zaidi. Kwa kipimo hicho A, yenye kN 39.6, ingepewa zege zaidi kuliko B yenye 32.4. Lakini fremu ya pini tatu inaisumbua misingi kwa kuitanua, na msingi unaotanuliwa unashindwa kwa kuteleza. Unganisha paa na upepo wa kutoka kushoto: A inabakiwa na ulalo wa 12.0 na wima 38.0, kwa sababu upepo umepunguza mtanuko wake. B inapata ulalo wa 24.0 na wima 34.0. Upepo ukitoka upande wa kulia, unakutana na nguzo fupi ya mita 2, hivyo unaongeza kidogo tu kwa A: ulalo unafika 22.2 na wima 40.2.

Tuseme udongo unatuwezesha kutegemea msuguano wa 0.4 ya uzito, na tusihesabu udongo unaozunguka ubavu wa msingi. B inahitaji uzito wa 24.0 kugawanya kwa 0.4, yaani kN 60, na fremu inaipa 34 tu. kN 26 zilizobaki lazima zitoke kwenye zege, ambalo kwa kN 24 kwa mita ya ujazo ni kama mita za ujazo 1.1. A inahitaji 55.5, inapewa 40.2, na inabaki na deni la 15.3, kama mita za ujazo 0.64. Njia ya kuepuka yote hayo ni kuifunga A na B kwa chuma kimoja kinachopita chini ya sakafu, ila kwa kuwa B iko juu, chuma hicho kitakuwa cha mshazari na kitakuwa na kani yake ya wima ya kuhesabiwa. Ikiwa chuma hicho hakiwekwi, basi msingi wa B, wenye mzigo mdogo wa wima na ulioko juu ya kilima, ndio unaohitaji zege jingi zaidi.